Meneja wa nini, na wa watu wangapi?

Swali la wiki: "Nilikuwa meneja katika kampuni ndogo ambayo hakuna anayeijua. Nikiomba kazi kwingine, niandike cheo changu kama kilivyo au nikipunguze ili nisionekane najikweza?"

Ndugu Mhariri, nimelisoma swali hili mara tatu nikiwa barazani kwangu Mikanjuni, na kila nikirudia naona limeanzia katikati. Kabla ya kufikiria kama cheo kibaki au kipunguzwe, mwombaji angejiuliza kwanza msomaji wa barua yake atajuaje kampuni yenyewe inafanya nini. Meneja wa duka la simu pale Ngamiani na meneja wa shamba la mkonge kule Korogwe wote ni mameneja, na neno hilo halimwambii msomaji ni yupi kati yao aliyeandika. Aliyefanya kazi bandarini au katika kiwanda cha saruji cha Pongwe hahitaji kueleza, kwa kuwa jina la mwajiri limekwisha kumfanyia kazi hiyo. Sisi wengine tunapaswa kuifanya wenyewe, na nafasi tuliyo nayo ni mstari mmoja au miwili chini ya jina la mwajiri.

Jambo hili limenigusa kwa sababu liliwahi kunifedhehesha. Kwa miaka mitano, hadi mwaka 2019, nilikuwa Meneja wa Uzalishaji katika kiwanda cha barafu ya samaki karibu na Sahare. Jina la kampuni sitalitaja, ila lilikuwa herufi tatu zikifuatiwa na neno "Entapraizesi", kama yalivyo majina mengi ya wafanyabiashara wetu, ambao hujiandikisha kwa jina lisilofunga mlango wowote ili kesho wakitaka kuuza nondo wauze. Pale Sahare kwenyewe hakuna aliyelijua jina hilo. Wavuvi walisema "kwa Mzee wa Barafu", basi. Katika sivii yangu niliandika cheo, herufi zile tatu na miaka, nikaona yatosha.

Nikaitwa kwenye usaili wa kazi ya kusimamia ghala baridi katika kampuni kubwa. Jopo lilikuwa na watu watatu. Mzee aliyekaa katikati aliishika karatasi yangu, akaisogeza mbali kidogo na macho, akauliza, "Hawa Entapraizesi wanauza nini, vifaa vya ofisi?" Nikamjibu kwamba wanatengeneza barafu. Akasema, "Ahaa," na kwa sikio langu ile "ahaa" ilikuwa ya mtu anayewaza barafu za vifuko wanazouza watoto nje ya shule. Niliona cheo changu kinayeyuka mezani, na badala ya kueleza kiwanda nikakimbilia ukubwa. Nilisema, "Ni kampuni kubwa tu, mzee wangu." Akauliza watu wangapi. Nikasema kama hamsini.

Ukweli ni kwamba tulikuwa 11 tunaolipwa mshahara na kukatwa NSSF: mafundi mitambo wawili, wapakuaji sita wa zamu mbili, mhasibu, mlinzi na mimi. Siku za giza, dagaa wanapovuliwa kwa taa na barafu inapogombewa, tuliongeza vibarua kumi na tano hivi waliolipwa kwa bonge. Ili nifike hamsini nilikuwa nimewahesabu hata wapagazi wa wateja waliokuja na mikokoteni yao. Dada mmoja wa jopo, aliyekuwa kimya mpaka hapo, akauliza kwa upole kabisa, "Watu hamsini, basi ofisa wenu wa rasilimali watu alikuwa nani?" Nikasema ni mimi. "Na mishahara ya hao hamsini iliandaliwa na nani?" Nikasema mhasibu, peke yake, kwa daftari. Akaandika kitu kifupi. Sikuajiriwa, na sina wa kumlaumu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba sera ya taifa ya mwaka 2003 kuhusu biashara ndogo na za kati ina mipaka ya jambo hili: biashara yenye watu 1 hadi 4 ni ndogo sana, 5 hadi 49 ni ndogo, 50 hadi 99 ni ya kati, na kuanzia 100 ni kubwa. Kwa neno moja nilikuwa nimeivusha kampuni ya mzee wa watu kutoka ndogo hadi ya kati, na anayeajiri kwa taaluma anajua kampuni ya kati huwa na nini ndani yake. Uongo wa ukubwa hauanguki kwa kuhesabiwa vichwa, kwani nani atakwenda Sahare kuhesabu? Unaanguka kwa mambo yanayotakiwa kuambatana nao, ambayo wewe huna.

Hata hivyo, kosa langu la kwanza lilikuwa lile la karatasi, nalo ndilo ninalotaka muulizaji alione. Kiwanda kile hakikuwa cha kuonea haya. Kilikuwa na tangi la maji ya chumvi yaliyopozwa kwa kompresa ya amonia hadi nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Ndani ya tangi yalipangwa makopo ya bati 160, kila moja likitoa bonge la kilo 25. Zidisha, utapata tani 4 kwa mzunguko mmoja, na mzunguko ulichukua saa 12 hivi umeme usipokatika. Kwa joto la pwani yetu, kanuni ya kawaida ya kuhifadhi samaki ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Maana yake, mzunguko mmoja ukiharibika kulikuwa na tani 4 za samaki wa watu zinazotafuta pa kuozea. Isitoshe, amonia ikivuja kwenye kiungo cha bomba, watu wanaweza kufa kabla ya samaki. Huo ndio uliokuwa uzito wa cheo changu, na hakuna herufi yake hata moja iliyoonekana kwenye karatasi.

Kama ningeandika leo, chini ya cheo na jina la usajili ningeweka hivi: "Kiwanda binafsi cha barafu ya kuhifadhia samaki, Sahare, Tanga (kinajulikana kama Kwa Mzee wa Barafu), tani 4 kwa mzunguko, wateja ni wavuvi na wanunuzi wa samaki, wafanyakazi 11." Baada ya hapo ndipo zije kazi zangu: kusimamia zamu mbili, kupanga matengenezo ya mtambo wa amonia, kupanga mgao wa barafu siku za giza. Angalia mpangilio wake. Kwanza ni kitu kinachotengenezwa, kwa neno ambalo hata asiyejua pwani atalielewa. Kisha kiasi, kwa kipimo cha biashara hiyo yenyewe. Kisha anayenunua. Idadi ya watu inakuja mwisho. Jina la mtaani limo kwenye mabano kwa sababu atakayepiga simu kuuliza habari zako akitaja jina la usajili ataambiwa hapo hapana kampuni kama hiyo.

Sikuweka fedha. Mauzo ya mwaka ni siri ya mwenye mali, na anayeajiri akiona umeyaanika ya mwajiri wa jana ataogopa ya kwake. Tani haina siri, maana yeyote akisimama langoni asubuhi anaweza kuhesabu mabonge. Sikuweka pia "maarufu" wala "inayoongoza", kwa kuwa kampuni maarufu haihitaji kuambiwa hivyo, na msomaji analijua hilo. Tena idadi iwe ya wakati wako. Nasikia mzee amekwisha kuongeza tangi la pili, lakini hilo si langu.

Fomu nyingi za mtandaoni zina kisanduku cha jina la mwajiri na cha cheo, hakuna cha maelezo. Hapo sentensi ya kwanza ya majukumu ndiyo inayobeba mzigo: "Katika kiwanda cha barafu cha tani 4 kwa mzunguko, nilisimamia..." Usiyabandike maelezo kwenye kisanduku cha jina, maana anayetafuta kampuni kwenye daftari la BRELA atatafuta maneno yote hayo na kukosa.

Nilipoanza kuandika jibu hili nilikuwa na msimamo kwamba idadi ya wafanyakazi itajwe daima, iwe ndogo namna gani, kama kitubio cha wale hamsini wangu. Sasa nimefika hapa na sina hakika tena. Barafu hugandishwa na mtambo. Watu ni wachache kwa sababu kazi ndivyo ilivyo, na anayesoma "11" kabla hajaielewa kazi hiyo atahukumu kwa namba isiyohusika. Mwaka jana niliombwa kusaidia mchujo wa waombaji, nikakuta binti aliyejiita karani wa ununuzi katika kampuni ya watu wanne huko Mkinga. Hao wanne hakuwataja popote. Aliandika kwamba kampuni inanunua mwani mkavu kwa wakulima 140 wa vijiji vitatu na kwamba yeye ndiye aliyepima na kulipa. Nilimpa alama nyingi kuliko mkurugenzi mmoja ambaye kampuni yake, nilipomaliza kuisoma, sikujua kama inauza au inanunua. Ule udogo tuliujua kwenye usaili alipoulizwa, akajibu "wanne" bila kumeza mate.

Kwa hiyo nijibu swali lenyewe, ingawa kwa kusitasita. Cheo kiandikwe kama kilivyo kwenye barua ya ajira, kwa sababu barua hiyo itaombwa, na cheo ulichokipunguza kwa unyenyekevu kitaonekana cha kughushi sawasawa na ulichokiongeza. Idadi ya watu, kinyume na nilivyoanza, ningeiacha nje kama kipimo kingine kinaieleza biashara vizuri zaidi, mradi ukiulizwa uitaje papo hapo. Isipokuwa kama kazi unayoiomba ni ya kuongoza watu. Hapo isipokuwepo itatafutwa, na itajwe ile ya waliokuwa chini yako, wala si ya kampuni nzima. Kwangu mimi ni 8, yaani mafundi wawili na wapakuaji sita. Mhasibu na mlinzi walikuwa wa mzee mwenyewe.

Kabla sijatuma barua hii nilimpigia mzee nihakikishe ile hesabu ya makopo. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamweleza ninachoandika, kwamba kiwanda kilikuwa cha tani 4. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nne ndiyo ile ya usiku, mwanangu. Na ile ya mchana umempa nani?" Nikamkumbusha umeme wa miaka ile, na siku za mbalamwezi tulipokuwa tukipakua mara moja na bado bidhaa inabaki. Akasema niandike nane. Nimeiacha nne.