Kisigino kinachoma asubuhi? Huo mfupa wa eksirei sio unaokuuma

Swali: Daktari habari. Nina miaka 44, nasuka nywele saluni huko Umoja, nasimama kutoka asubuhi hadi jioni. Miezi 3 sasa nikiamka, hatua za kwanza kisigino cha kulia kinachoma kama nimekanyaga msumari, nikitembea kidogo kinaachilia. Nilipigwa eksirei nikaambiwa mfupa umeota. Kuna mtu anataka kuniuzia dawa ya kupaka ya kuyeyusha huo mfupa kwa 4,500, na mwingine amesema nichomwe sindano. Nifuate gani?

Jibu: Kwa sasa usifuate yeyote kati yao, dada. Hizo 4,500 ziweke, tutazihitaji kwa viatu.

Hii hadithi ya mfupa umeota naiskia karibu kila siku kazini na inanikera, sio kwa sababu yenu, ni kwa sababu ya wale wanaomwonyesha mtu picha, wanamwekea kidole kwa kile kijiti cheupe, halafu wanamwacha aende nyumbani akiamini ana mwiba ndani ya mguu unaomdunga kila akikanyaga. Sasa fanya hivi, toa hiyo filamu ya eksirei uiinue kwa dirisha uangalie ule mwiba umeelekea wapi. Utaona umeelekea mbele, upande wa vidole, haujaangalia chini kwa sakafu. Hauwezi kukudunga ukikanyaga. Na mara nyingi hata hauko ndani ya kitu kinachouma, umekaa kwa mizizi ya misuli midogo iliyo juu yake.

Halafu jiulize swali moja tu. Kama ni mfupa unakudunga, mbona ukitembea kidogo unaachilia? Mfupa hauondoki ukifika jikoni. Ungekuwa ndio shida, kadiri unavyotembea ndivyo ungezidi kuuma. Na huo mwiba huchukua miaka kuota, wewe umeumwa miezi 3, kumaanisha ulikuwa nao kitambo na ulikuwa unasuka watu bila shida yoyote. Kuna watu wengi wana huo mwiba na hawajawahi kuumwa, na wengine wanaumwa vibaya sana na eksirei yao haina kitu. Wanaopona pia, mwiba unabaki pale pale, ni vile tu hakuna mtu hurudi kupigwa picha akiwa mzima.

Kinachokuuma, kwa vile umeeleza, ni ule utando mgumu ulio chini ya unyayo, unaoshika mbele ya kisigino upande wa ndani na kwenda hadi kwa vidole. Hospitali wataandika planta fashaitisi. Umebeba uzito kuliko unavyoweza, siku baada ya siku, pale unaposhikana na mfupa umechakaa. Usiku ukilala mguu unaelekea chini, utando na kigimbi vinafupika, halafu asubuhi unashuka kitandani na kuuvuta wote kwa mara moja na uzito wako wote juu. Ndio maana hatua za kwanza zinachoma na zile zinazofuata zinakuwa afadhali, na ndio maana naamini hata baada ya kukaa na kula lunch ukisimama unaskia tena, na jioni kunauma kwa njia ingine, ule uchovu mzito.

Kuhakikisha, kaa chini, vuta vidole nyuma kuelekea ugoko kwa mkono mmoja, na kidole gumba cha mkono ule mwingine ubonyeze pale kisigino kinaanza, upande wa ndani. Ukiruka, ndio hapo. Halafu finya kisigino kutoka pande zote mbili kwa viganja. Kama hiyo kufinya ndio inauma sana, usiendelee na mazoezi, nenda uangaliwe kama mfupa wenyewe umepata ufa.

Sasa kazi. Zoezi la kwanza linafanywa kabla mguu haujagusa sakafu, na hapa ndipo wengi wanaharibu, mtu anaenda choo kwanza, anachemsha chai, halafu saa mbili ndio anakumbuka kunyoosha. Saa hizo umeshauvuta utando vibaya. Ukiwa bado kitandani weka mguu unaouma juu ya goti la ule mwingine, shika vidole pale chini vinapoanzia, sio kwa ncha, uvivute kuelekea ugoko mpaka uskie unyayo umekaza. Pitisha mkono wa pili katikati ya unyayo, utaskia utando umesimama kama uzi wa gita. Kama hauuskii, haujavuta vya kutosha. Shikilia sekunde 10, achilia, rudia mara 10. Kwa siku fanya mara 3, na ingine ifanye pale saluni kabla ya kuinuka baada ya kukaa.

Kigimbi nacho kinyooshe kwa ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino kimelala sakafuni na vidole vimeangalia mbele kabisa, sekunde 30, kwanza goti likiwa limenyooka halafu tena likiwa limekunjwa kidogo, maana kuna misuli miwili pale na hainyooki kwa njia moja. Rudia mara 3 kila njia.

Kunyoosha peke yake kunapunguza uchungu lakini utando unabaki dhaifu, na wewe kesho bado utasimama masaa kumi. Kwa hivyo ongeza hili, siku moja ufanye siku moja upumzike. Simama kwa ngazi, kunja taulo uiweke chini ya vidole ili viwe vimeinuka, visigino viwe nje ya ngazi, ushike ukuta. Inua visigino polepole kwa kuhesabu 3, kaa juu kwa kuhesabu 2, shuka kwa kuhesabu 3. Mara 12, pumzika, rudia mpaka raundi 3. Anza na miguu yote miwili kama mmoja ni mgumu, ukizoea ufanye mmoja, baadaye ubebe begi lenye vitabu mgongoni. Ukiskia uchungu kidogo wakati wa zoezi si mbaya. Kipimo chako ni kesho yake asubuhi, hatua za kwanza zikiwa mbaya kuliko jana basi ulizidisha, punguza.

Viatu. Sijui unavaa nini kazini lakini wanawake wengi wa saluni nawaona na patapata ama zile dolshuzi bapa zisizo na soli, juu ya sakafu ya tailsi, siku nzima. Hizo toa. Na nyumbani pia usitembee miguu mitupu kwa simiti, weka sandali zenye soli nene karibu na kitanda, uzivae ukimaliza lile zoezi la kwanza. Ukienda kununua raba za mitumba Gikomba ama Toi usiangalie jina la kampuni, kikunje kiatu kwa mikono. Kinafaa kukunjika pale vidole vinakunjika, kikikunjika katikati kama chapati kirudishe. Bonyeza sehemu ya nyuma inayoshika kisigino, inafaa iwe ngumu. Weka juu ya meza ukiangalie kutoka nyuma, kama kimelala upande mmoja kimekwisha, hata kama juu kinang'aa. Kisigino cha kiatu kikiwa juu kidogo, sentimita 2 ama 3, kinasaidia kwa sababu kinapunguza mvuto wa kigimbi. Insoli ya jeli ya kemisti inaweza kukusaidia pia, hauhitaji ile ya bei ya juu ya kutengenezewa kwa kipimo kabla hujajaribu hii. Na tafuta kastuli pale saluni, kichwa kingine unaweza kukisuka ukiwa umekaa.

Hii yote inachukua wiki nyingi. Ukiweka bidii unaanza kuona tofauti kati ya wiki ya 6 na ya 12, wengine huchukua hata mwaka. Na hapa ndipo matapeli wanapopata wateja, kwa sababu mtu amefanya mazoezi wiki mbili, hajapona, halafu anakutana na mtu mwenye chupa.

Dawa ya kuyeyusha mfupa haiko. Fikiria tu, kitu cha kupaka ambacho kinaweza kupita ngozi ngumu ya kisigino na ile mafuta yote ya chini ikafikia mfupa na kuuyeyusha, kingechagua vipi mwiba na kuacha kisigino? Siki, ndimu, majani ya kufunga na plastiki usiku, ni hivyo hivyo. Wengine wanawaambia ni yuriki asidi, yaani gauti, mwache nyama. Gauti ya kweli kwa kawaida inavamia kidole gumba cha mguu, kinavimba, kinakuwa chekundu na moto mpaka shuka ikikigusa unapiga kelele. Haiji asubuhi ikaisha ukishafika mlangoni.

Ile ya sindano ndio inanitisha zaidi. Sindano ya steroidi si uongo, inapunguza uchungu, lakini mara nyingi ni kwa wiki chache tu, labda mwezi, na kila ukirudia unaongeza hatari ya utando kukatika na mafuta ya kisigino kukonda. Nimemwona soja mmoja aliyekuwa anachomwa kwa kaduka ka dawa mtaani, kila uchungu ukirudi anarudi, hakuna aliyemwandikia ni dawa gani. Alipokuja kwetu ukibonyeza kisigino chake na kidole gumba unaskia mfupa moja kwa moja, hakuna kile kigodoro. Hicho hakirudishwi na mazoezi, tunabaki kumtafutia viatu laini na kumwomba bosi wake ampatie kiti pale geti.

Mambo mengine si ya mazoezi ya nyumbani hata kidogo. Kama unaskia ganzi ama moto unaochoma usiku ukiwa umelala, kama visigino vyote viwili vinauma na mgongo unakaza zaidi ya nusu saa kila asubuhi, kama kulitokea mlio ghafla ukashindwa kukanyaga, kama kumevimba na kuna homa, ama kama una kisukari na kuna kidonda, nenda hospitali wiki hii.

Kwako wewe, anza leo usiku kwa kuweka sandali karibu na kitanda. Kama baada ya miezi 3 ya kufanya hivyo vyote bado hatua za kwanza ziko vile vile, sindano inaweza kuzungumziwa, lakini na daktari wa hospitali anayekuangalia mguu kwanza, na kabla hajachoma muulize dawa inaitwaje, anaiweka wapi, na akuandikie kwa kadi tarehe na kipimo, ili yeyote atakayekuona baadaye ajue umeshachomwa mara ngapi. Akikataa kuandika, vaa kiatu uende.