Barua kwa mwanangu: kovu la mteja

*"Shikamoo baba. Mteja akiniletea picha ya profaili na ana kovu usoni, nilifute kimyakimya au nimuulize kwanza? Naogopa nikimuuliza ataona namsema."*

Marahaba mwanangu. Muulize, ila usianze na kovu. Ukisema "nikutolee hili?" umeshamwambia ni kasoro. Muulize picha anakwenda kuitumia wapi, kisha nyamaza umsikilize. Chunusi futa bila maneno, wiki mbili zijazo haitakuwapo. Kovu ataamka nalo kesho na keshokutwa, kwa hiyo uamuzi ni wake.

Kuna kijana alikuja hapa studio Temeke baada ya wewe kuhamia Mwanza. Fundi umeme, ana kovu limekata nyusi ya kushoto na kushuka mpaka juu ya shavu. Aliniletea picha aliyojipiga kwa kamera ya mbele, akataka nimfutie kovu ili aiweke WhatsApp, wateja wake wanampata huko. Nikaikuza ile picha. Simu ilikuwa imeshamlainisha ngozi yenyewe kabla hata hajaiona: hakuna kinyweleo, hakuna mkunjo, na kovu limegeuka doa la kijivu kama masizi yaliyofutwa kwa kidole. Hapo hakuna cha kuokoa, mwanangu. Ngozi ikishapotea kwenye picha huwezi kuirudisha. Nikamwambia azime hiyo "Beauty" tupige upya.

Nikamsimamisha mlangoni. Alipokaa ubavu kwa mwanga, kovu lilisimama, maana limevimba kidogo na kila kilichovimba hutupa kivuli upande wa pili. Nikamgeuza uso uelekee nje. Kivuli kikaondoka, likabaki kovu lenyewe, jembamba, linang'aa kidogo. Nusu ya kazi uliyotaka kuifanya kwenye simu inamalizika hapo mlangoni.

Akasema anataka kuhariri mwenyewe, ajifunze. Akafungua Snapseed, akaingia Healing. Nikamwambia kwanza akuze picha kwa vidole viwili, halafu aguse chunusi ya kidevuni mara moja, asipake kama anapaka rangi ukuta. Ikaondoka. Nikamwambia akubali kwa alama ya vema kabla ya kugusa kitu kingine, kisha aingie Healing upya kwa ajili ya kovu, ili akitaka kurudi nyuma afute hatua hiyo moja tu.

Shavuni kovu lilitoka bila shida. Kwenye nyusi likamsumbua, kwa sababu ile zana inachukua ngozi ya jirani na kuibandika, na jirani wa nyusi ni paji la uso. Akapata nyusi yenye kipara, imechanganyika na ukungu. Ukiona hivyo kwenye kazi yako, ikuze picha zaidi ili mguso uwe mdogo, na ufuate mwelekeo wa nywele, kidogo kidogo. Alihangaika kama robo saa mpaka nyusi ikaungana.

Akaipunguza picha ionekane nzima. Akakaa kimya. Kisha akasema, "Mzee, huyu ni mdogo wangu." Mdogo wake hana kovu, na wanafanana. Akaniambia wiki ile mlinzi wa nyumba moja Mikocheni alimtazama usoni, akatazama picha ya profaili yake ya zamani, ndipo akamfungulia geti. "Nikiweka hii atamsubiri mdogo wangu."

Akaingia View edits, akaifuta ile Healing ya pili. Kovu likarudi, chunusi ikabaki imeondoka. Halafu akataka kulainisha uso kidogo kwa Portrait, nikamzuia. Ukilainisha uso wote, kovu nalo linayeyuka nusu, ukarudi kwenye lile doa la masizi. Na ukilainisha kila mahali ukaliruka kovu, linaonekana limebandikwa. Ukiliacha kovu, iache na ngozi iliyolizunguka na vinyweleo vyake. Akaongeza mwanga kidogo tu kwenye Tune Image, basi.

Sasa hapa ndipo alipotaka kuharibu. Akashtuka, "Mbona kovu liko upande siyo wangu?" Akataka kuigeuza picha. Amezoea kujiona kwenye kioo, na kwenye kioo nyusi yake ya kushoto iko kushoto. Kwenye picha niliyompiga mimi, iko kulia kwa anayetazama. Nikamwita yule dada wa chipsi wa hapo nje, nikamuuliza kovu la huyu kijana liko upande gani kwake. Akanyoosha kidole, na kidole kikaangukia pale pale picha ilipoonyesha.

Kijana akaihifadhi kama ilivyo. Yule mteja wako mpigie leo, kabla hujagusa picha yake.

Baba yako