Televizheni ya inchi 43: ya 4K ao Full HD?

"Saloni yangu ni ndogo, kiti kiko mita 2,5 na ukuta. Nilipe zaidi juu ya 4K?"

Hapana ndugu, Full HD inatosha. Kwenye inchi 43 nukta yake ina karibu nusu milimita, na kwa mita 2,5 jicho zima huanza kuzitofautisha nukta zikifika kama milimita 0,7. Anayesema tofauti ya 4K inaonekana siku zote ana haki nusu: kwa inchi 65, ndiyo. Ile pesa itafute paneli nzuri.

Lakini kwenye maduka ya Birere, Goma, usiamini neno 4K lililo kwenye karto. Mara nyingine maana yake ni kwamba inapokea tu video ya 4K. Soma namba za ekrani yenyewe: 1920 x 1080 ni Full HD, 1366 x 768 iache.