Safu tisa kwa watu wanne? Jamani, wadogo zangu

Juzi nimechungulia bodi ya Jira ya vijana wetu wanne, nikahesabu safu 9. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana ugonjwa huo niliuugua mimi kabla yao.

1. Hali mpya iongezwe pale tu tiketi inapobadilisha mikono au inapoanza kazi ya aina nyingine. Timu ndogo inatoshwa na `To Do`, `In Progress`, `In Review` na `Done`. Kukwama si hali: weka bendera, tiketi ibaki hapo hapo ili tujue imekwama wapi.

2. Mipito, yaani njia za tiketi kutoka hali moja kwenda nyingine. Hapa ndipo nilipoumbuka. Tulikuwa watano, nami nikabuni hali 11 zilizofuatana kama mabehewa, kila moja na mpito mmoja tu wa kwenda mbele. Mtu aliyesahihisha neno moja kwenye fomu alibofya mara kumi ndipo afunge tiketi. Wenzangu wakachoka, wakawa wanazisukuma zote Ijumaa jioni kwa mkupuo, na siku nyingine bodi ikawa inadanganya.

Ili kuwatuliza nikaongeza mpito wa kutoka `Done` kurudi `In Progress`. Mpito wa kuingia `Done` ulikuwa unajaza `Resolution`, sehemu inayosema tiketi imemalizwaje. Huu wa kurudi nikasahau kuuagiza uifute. Basi tiketi ya risiti zinazotoka mara mbili ikarudishwa kazini, namba yake bado imekatwa mstari kana kwamba imekwisha. Mimi kila asubuhi nilikuwa nasoma orodha hii:

```
resolution = Unresolved ORDER BY updated
```

Tiketi ile haikuwemo, na aliyekuwa nayo alikwenda likizo. Mteja alipopiga simu, nilimjibu bila hata kukohoa: “Hakuna tiketi ya risiti iliyo wazi.” Akanisomea namba ya tiketi ile. Sitaki kusimulia kikao kilichofuata.

Siku hizi naruhusu tiketi itoke hali yoyote iende yoyote, lakini kanuni inafuata mahali inapofikia: mpito wa kuingia `Done` unajaza `Resolution`, na mipito ya kuingia hali nyingine zote inaifuta. Kama mmerithi bodi ya mtu, zilizojificha mtazikamata hivi:

```
statusCategory != Done AND resolution IS NOT EMPTY
```

3. Safu si hali. Safu moja yaweza kubeba hali mbili. Ila hali isiyopangiwa safu, tiketi zake hazionekani kwenye bodi, nanyi mtadhani mmemaliza kazi.

Nikarudi kwa vijana. Tiketi sita zilikuwa zimelala `Ready for QA`. Nikauliza, “Anayezijaribu ni nani?” Wakatazamana.

“Ni sisi, kaka.”

“Kwa hiyo mnasubiriana nyinyi kwa nyinyi?”

Mmoja akaanza kufuta safu kabla sijakaa.