Uanzie wapi kusoma mfululizo wa Vorkosigan

Lois McMaster Bujold alianza kuchapisha riwaya za Vorkosigan mwaka 1986, na hakuzichapisha kwa kufuata miaka ya hadithi. Alimtoa mhusika mkuu, Miles Vorkosigan, akiwa kijana, akamrukisha mbele, kisha akarudi nyuma kusimulia mambo yaliyotangulia hata kuzaliwa kwake. Ndiyo maana anayetaka kuanza leo hupewa majibu mawili: fuata miaka ya kuchapishwa, au fuata miaka ya wahusika. Mimi nimezisoma kwa njia zote mbili. Nitaeleza kila njia inakunyima uhondo gani, bila kuitaja siri yenyewe.

Uamuzi mzito uko mwanzoni kabisa. Riwaya mbili, Shards of Honor na Barrayar, zinawahusu wazazi wa Miles, Cordelia na Aral. Ya pili inaendelea pale pale ya kwanza ilipoishia, ingawa ilichapishwa mwaka 1991, miaka mitano baadaye. Kisha ipo The Warrior's Apprentice, ambamo Miles ana miaka kumi na saba, anashindwa mtihani wa kuingia chuo cha kijeshi, na anajikuta akiongoza kikosi cha askari wa kukodiwa kwa ujanja wa maneno matupu.

Ukianza na Miles, unalijua jambo moja mapema mno: kwamba Cordelia na Aral, waliokutana wakiwa maadui, walioana na wakapata mtoto, tena mtoto aliyezaliwa na mifupa dhaifu. Barrayar inaumia zaidi hapo, kwa sababu nguvu yake yote imo katika kutojua kama mimba ile itanusurika.

Ukianza na wazazi, kinachofichuka ni siri ya Bothari, mlinzi wa Miles. Katika The Warrior's Apprentice, Elena binti wa Bothari hajui mama yake ni nani, na Miles anajaribu kumtafutia jibu kwa nia njema. Aliyesoma Shards of Honor anajua tayari jibu hilo lina nini ndani yake. Wengi huhesabu hiyo kuwa hasara, nami sikubaliani nao. Asiyejua hushtuka mara moja, ukurasa mmoja, basi. Anayejua husoma kila hatua ya Miles kwa hofu, akitamani kumzuia, na Bothari anakuwa mtu mzito zaidi machoni pake tangu sura ya kwanza. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuanza na Cordelia. Wa kumwanzisha na Miles ni yule tu anayechoshwa na mapenzi ya watu wazima na siasa za ikulu, maana asiposhikwa na riwaya ya kwanza hatafika ya pili.

Katikati ya mfululizo pana uhuru mwingi. Cetaganda ilichapishwa baada ya Mirror Dance, lakini Miles aliyemo bado ni kijana. Iweke baada ya The Vor Game, au iache hata mwaka mzima, haitaharibu kitu. Falling Free inasimulia mambo ya takribani miaka mia mbili kabla ya Miles, nayo inatosha kuisoma kabla ya Diplomatic Immunity, ambako wazao wa wahusika wake wanajitokeza.

Usichezee mnyororo huu: Brothers in Arms, Mirror Dance, Memory, Komarr. Kila moja inaanzia kwenye jeraha lililoachwa na iliyotangulia. Memory yote inatokana na jambo linalompata Miles katika Mirror Dance, na ukishika Komarr kwanza, kurasa za mwanzo tu zitakuonyesha ana kazi gani sasa, na swali kuu la Memory litakuwa limekwisha. Hata maelezo ya nyuma ya jalada la Komarr yafumbie macho mpaka zamu yake ifike.

Mwishoni njia mbili zinatengana tena. Cryoburn ilitoka mwaka 2010, na kurasa zake za mwisho zina habari inayobadilisha familia nzima. Miaka miwili baadaye ikaja Captain Vorpatril's Alliance, riwaya ya Ivan, binamu yake Miles, ambayo matukio yake yanatangulia Cryoburn. Anayefuata tarehe za uchapishaji anaisoma riwaya hii ya kuchekesha huku akijua msiba unaokuja, na kila mzee wa familia anapoingia chumbani kicheko kinapungua. Hapa fuata miaka ya wahusika: Ivan kwanza, kisha Cryoburn, halafu Gentleman Jole and the Red Queen. Hiyo ya mwisho usiitangulize kwa vyovyote. Inafungua jambo kuhusu ndoa ya Aral na Cordelia ambalo litakufanya urudi kumtafuta luteni mmoja katika The Vor Game, uliyempita bila kumtazama mara mbili.