Picha nyeusi ya mama: piga simu kwanza

"Mama yuko Amu peke yake. Asubuhi kanitumia picha nyeusi tupu WhatsApp, hana neno. Nadhani kakosea, nikamrushia emoji ya kucheka. Nitazimaje kamera isijifungue mfukoni, na hizi picha zinajaza simu?"

Wewe, acha emoji. Mpigie sasa hivi, simu ya kawaida, si ya WhatsApp.

Mimi nilitumiwa na shangazi picha ya sakafu. Sakafu nyekundu, pindo la leso pembeni, na mguu wa kigoda ukiwa umelala. Umelala! Kigoda kimelala nami nikajibu "shangazi leo umekuwa mpiga picha?" Fundi mmoja wa simu hapa Malindi, bingwa wa kila kitu isipokuwa simu, alikuwa ameshanihakikishia kuwa simu za wazee hujituma zenyewe mfukoni, futa tu. Nikafuta. Shangazi alikuwa ameteleza kwenye ngazi tangu adhuhuri, nyonga imevunjika, na jirani alimkuta magharibi. Mnicheke tu, yeye mwenyewe keshanicheka mpaka kwenye harusi za watu.

Sasa sikiza ambalo yule fundi hakulijua. Picha haijitumi kwa mguso mmoja. Lazima mazungumzo yenu yawe wazi, kamera iguswe, kitufe cheupe kibonyezwe, kisha mshale wa kijani. Mfuko unaweza, lakini kwa kubahatisha sana. Mzee asiyeandika, ambaye kwake WhatsApp ni kurekodi sauti tu, ndiye anayefika hapo kwa urahisi: kwenye Android alama ya kamera imekaa ubavuni mwa maikrofoni. Kidole kikitetemeka kinafungua kamera. Akibonyeza tena, picha imepigwa. Na ule mshale wa kutuma umekaa kona ya chini kulia, pale pale alipozoea maikrofoni. Shangazi alikuwa akinitumia sauti. Mimi nilipata sakafu.

Kwa hiyo usiangalie picha inaonyesha nini. Nyeusi ni kidole juu ya lenzi au simu imelala chali, na yenye ukungu ni mkono uliotikisika. Cha kukushtua ni kwamba alikuwa ndani ya mazungumzo yenu, akikutafuta wewe. Huenda alitaka kukuuliza bei ya mchele, sawa, utajua akipokea.

Asipopokea, usimwandikie "?" wala usikae kungoja alama za buluu. Tuma mtu mlangoni, abishe, aite kwa sauti, na asiondoke mpaka ajibiwe. Kule kwenye vichochoro mtu akianguka chumba cha juu, aliye chini hasikii kitu.

Namba ya jirani unayo? Kama huna, tafuta mtu yeyote wa mtaa ule, hata mwenye duka anakokopa sukari. Kisha urudi utwambie kapokea nani.