Kabla ya kuamini alama ya θ, tazama mteremko

Kampaundi ya kwanza ya shaba niliyopima peke yangu niliiandikia ripoti kwamba ayoni zake zina mvuto wa kiferomagneti, yaani spini zake, zile sumaku ndogo za ayoni, hupenda kuelekea upande mmoja. Nilikuwa nimechora 1/χ dhidi ya halijoto, χ ikiwa kiasi ambacho sampuli huitikia uga wa sumaku, nikauendeleza mstari kwa rula hadi ukakata mhimili wa halijoto. Mahali hapo ndipo θ, nami niliisoma kuwa kelvini 11 upande wa chanya. Jibu sahihi lilikuwa kelvini 4 upande wa hasi. Sikukosea tarakimu tu, nilikosea alama, na kwenye grafu hii alama ndiyo habari yenyewe.

Tuanze na maana ya mahali hapo mstari unapokata. Curie alionyesha mwaka 1895 kwamba ayoni za paramagneti zisizoathiriana huitikia uga wa sumaku kwa kiasi χ = C/T. Ukichora kinyume chake, 1/χ, unapata mstari unaopita kwenye sifuri. Mwaka 1907 Weiss akaongeza kwamba kila ayoni husukumwa pia na majirani zake, na msukumo huo hukua kadiri sampuli inavyozidi kuwa na usumaku. Hapo mlinganyo unakuwa:

```
1/χ = (T − θ)/C
```

Majirani wakipenda kuelekea upande mmoja, wanausaidia uga wako. χ inakuwa kubwa kuliko ya Curie, 1/χ inashuka, na mstari wote unasogea kulia: θ chanya. Wakipenda kuelekeana kinyume, wanaupinga uga, 1/χ inapanda, mstari unasogea kushoto: θ hasi. Katika hali zote mbili mteremko, yaani 1/C, haubadiliki, kwa kuwa unategemea nguvu ya sumaku ya ayoni moja moja, siyo ujirani wake. Usidhani pia kwamba θ ndiyo halijoto ambapo spini zitajipanga. MnO ina θ ya takriban kelvini −610, lakini hujipanga kwenye kelvini 118 hivi.

Sasa kosa langu. Kila sampuli ina elektroni zilizojaa jozi, nazo huusukuma uga nyuma kidogo: huo ni udiamagneti, ambao haubadiliki na halijoto. Katika kampaundi yangu ulikuwa kama −0.0002 emu kwa moli, nami nikaona ni kidogo mno kuhangaika nao. Lakini shaba ina spini moja tu kwa ayoni, kwa hiyo χ yake nayo ni ndogo. Chukua C ya 0.42 na θ ya −4. Kwenye kelvini 100, χ halisi ni 0.00404, na kwenye 300 ni 0.00138. Kosa lilelile la 0.0002 ni asilimia 5 upande wa baridi, na zaidi ya asilimia 14 upande wa joto. Kwa hiyo 1/χ inainuliwa zaidi upande wa joto, mstari unakuwa mkali kupita kiasi, na rula inaangukia upande wa chanya. Nilipata 260 kwenye kelvini 100 na 846 kwenye 300. Piga hesabu mwenyewe, utafika kwenye +11.

Kilichonisikitisha ni kwamba ushahidi ulikuwa mbele yangu. Mteremko ule unatoa C ya 0.34, na √(8C) inatoa nguvu ya sumaku ya ayoni moja: magnetoni za Bohr 1.65. Ayoni ya shaba yenye spini moja hata bila nyongeza yoyote ina 1.73, na kwa kawaida huwa juu kidogo ya hapo. Baada ya masahihisho inakuwa 1.83, kama inavyotakiwa. Pia ningeweka rula kati ya ncha mbili, ningeona vipimo vya kelvini 200 viko chini ya rula: 538 badala ya 553. Huo haukuwa mstari ulionyooka, ulikuwa umejipinda kuelekea juu.

Kwa hiyo toa kwanza mchango wa kishikilia sampuli, kwa kukipima kikiwa kitupu, kisha udiamagneti wa kampaundi kwa kujumlisha thamani za Pascal za atomi zake. Ndipo uchore. Anza na C. Ikikataa kulingana na ayoni unayoijua, usiisome θ kabisa. Tumia pia vipimo vya halijoto ya juu pekee, mbali na θ, kwa sababu karibu na mpangilio wa spini mstari hujipinda na rula hukosa maana.

Kobalti inahitaji tahadhari ya ziada. Ayoni ya Co²⁺ iliyozungukwa na atomi sita huweza kuonyesha θ hasi hata ikiwa haina jirani wa kuathiriana naye, kwa sababu viwango vyake vya nishati hujazwa tofauti kadiri halijoto inavyopungua. Tengeneza kampaundi ileile yenye zinki mahali pa sehemu kubwa ya kobalti, kwa kuwa zinki haina spini. Ikiwa θ kwa kila moli ya kobalti inabaki hasi vilevile, basi haikutoka kwa majirani.